Nusu saa niliyoikosea

Desemba ikishapita tarehe 15, Dar es Salaam huanza kumwagikia kaskazini. Wachaga wanarudi nyumbani kula sikukuu, na mwenye kutaka kiti cha basi la Moshi hana muda wa kujishauri. Miaka hiyo nilikuwa nimeajiriwa kwenye kampuni ndogo iliyouza tiketi za mabasi kwa njia ya simu. Abiria anachagua basi, analipa, kisha anasubiri meseji yenye namba ya tiketi na namba ya kiti. Bila meseji hiyo hana cha kumwonyesha kondakta.

Jioni moja, mnamo saa mbili, simu za huduma kwa wateja zilianza kuita bila kukoma. Mama mmoja aliyepiga nilimsikia kwa masikio yangu, maana dada wa huduma alikuwa amemweka kwenye spika: "Mwanangu, hela imeshakatwa. Kiti changu kiko wapi?" Kiti chake kilikuwepo. Malipo yalipokelewa na tiketi ilitengenezwa sekunde ileile. Kilichokosekana ni meseji tu, nayo ilikuwa kwenye foleni ambayo mama yule hakuweza kuiona, na ambayo mimi niliyeweza kuiona niliisoma vibaya.

Foleni yenyewe ipo kwa sababu kazi mbili zinakwenda kwa mwendo tofauti. Kutengeneza tiketi ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kutuma meseji ni lazima ubishe hodi kwenye mitambo ya kampuni ya simu, usubiri ikujibu kwamba imepokea, ndipo uende kwa abiria anayefuata. Kwetu jibu hilo lilichukua wastani wa sekunde 2.4. Ukimlazimisha abiria asubiri mpaka meseji itoke ndipo ukurasa wa malipo umjibu, siku kampuni ya simu ikisuasua na wewe umesimama. Kwa hiyo mfumo wa tiketi unaandika ujumbe mfupi, "mtumie huyu meseji hii", unauweka kwenye foleni na kuendelea na mteja mwingine. Upande wa pili zipo programu zinazochukua jumbe hizo moja baada ya nyingine na kuzifanyia kazi. Nitaziita wachakataji.

Sisi tulitumia Kafka, mfumo uliozaliwa ndani ya kampuni ya LinkedIn na kuwekwa wazi kwa umma mwaka 2011. Wengi wakisikia foleni hufikiria watu kwenye dirisha la benki: aliyehudumiwa anaondoka, mstari unapungua. Kafka haiko hivyo. Ni kama daftari la wageni. Kila ujumbe unaoingia unaandikwa kwenye mstari mpya wenye namba yake, na kusomwa hakuufuti. Mchakataji ana kialamisho kinachoonyesha amefika mstari gani. Mstari wa mwisho kuandikwa ukiwa wa 500, na kialamisho kikiwa kwenye 480, yupo nyuma kwa jumbe 20. Tofauti hiyo ndiyo pengo, na kwenye skrini utaiona imeandikwa `LAG`. Kwenye mifumo mingine kama RabbitMQ, ambako ujumbe uliokwisha kufanyiwa kazi huondolewa kweli, unahesabu tu urefu wa foleni: zimebaki ngapi. Swali linaloulizwa ni lilelile, yaani kazi inayoingia imemzidi mbio mfanyakazi, au hapana?

Hapo ndipo watu wengi hujikwaa, maana namba peke yake haijibu swali hilo. Ukiniambia foleni ina jumbe 3,000 sina la kukwambia. Pengine zimeingia kwa mkupuo sasa hivi, na wachakataji watazimaliza kabla chai haijapoa. Pengine jana zilikuwa 2,000 na juzi 1,000, na mfumo wako unakufa polepole huku kila mtu akiuona mzima. Foleni yenye jumbe 40 inaweza kuwa msiba ikiwa kila ujumbe unahitaji dakika tano. Unachotakiwa kujua kwanza ni namba inakwenda wapi: pima, subiri dakika moja, pima tena. Kialamisho kimesogea mistari mingapi, na daftari limeongezeka mistari mingapi? Kilichoandikwa kikizidi kilichosomwa dakika hadi dakika, unaachwa nyuma, hata kama pengo bado ni dogo na halijamshtua mtu.

Cha pili ni kuigeuza namba iwe muda. Abiria hasubiri jumbe 3,000. Anasubiri dakika kadhaa. Gawanya pengo kwa mwendo wa wachakataji, utapata takriban muda atakaosubiri aliye mkiani. Ni hesabu ya darasa la nne, na jioni ile niliifanya. Nikaikosea.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Tulikuwa na wachakataji wanne. Kwa sekunde 2.4 kwa kila meseji, mmoja alitoa 25 kwa dakika, na wote wanne 100. Saa mbili kamili nikauliza mfumo:

```
kafka-consumer-groups.sh --bootstrap-server localhost:9092 \
  --describe --group meseji
```

Sikuangalia hata jibu lenyewe kwa makini. Tulikuwa na ukurasa mzuri wenye grafu, na grafu ilijumlisha kila kitu: pengo, 2,862. Nikagawanya kwa 100, nikapata dakika 28 na ushee. Nikamwambia bosi, "Nusu saa, mzee, zitakuwa zimeisha." Akawaambia watu wa huduma, nao wakawaambia wateja. Saa mbili na nusu simu zilikuwa zinaita zaidi ya mwanzo, na sasa wapigaji walikuwa na neno jipya: mlisema nusu saa.

Ndipo nikarudi kwenye jibu la ile amri na kulisoma mstari kwa mstari. Hizi ni namba za saa mbili, na safu ambazo hazituhusu nimeziondoa:

```
TOPIC   PARTITION  CURRENT-OFFSET  LOG-END-OFFSET  LAG
tiketi  0          41210           41214           4
tiketi  1          39875           39878           3
tiketi  2          58020           60870           2850
tiketi  3          40102           40107           5
```

Daftari la Kafka kwa kawaida haliwi moja. Linagawanywa mafungu, na hayo ndiyo `PARTITION` unayoyaona hapo juu, ili wachakataji kadhaa wafanye kazi kwa wakati mmoja bila kugombania kalamu. `CURRENT-OFFSET` ni kialamisho, `LOG-END-OFFSET` ni mwisho wa daftari, na `LAG` ni tofauti yao. Soma sasa kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao. Mafungu matatu yako sawa kabisa. Abiria wao wanapata meseji papo hapo. Deni lote liko kwenye fungu la pili. Na fungu hilo halihudumiwi na wachakataji wanne, linahudumiwa na mmoja, kwa sababu sheria ya Kafka ni kwamba ndani ya kundi moja la wachakataji, fungu moja halishikwi na wawili. Kwa hiyo kigawanyo changu kilikuwa uongo. Hesabu sahihi ni 2,850 kugawanya kwa 25: dakika 114. Abiria wa mkiani alikuwa anasubiri karibu saa mbili, na mimi nilikuwa nimemwahidi nusu saa.

Kwa nini fungu moja tu? Tulijitakia wenyewe. Wakati wa kuandika ujumbe, mfumo huutazama ufunguo wake ili kuamua uende fungu gani, na jumbe zenye ufunguo mmoja huenda pamoja daima. Sisi tulikuwa tumefanya jina la kampuni ya basi kuwa ufunguo, ili taarifa za kampuni moja zisipishane: isije ikatangulia "tiketi imefutwa" kabla ya "tiketi imekatwa". Lilikuwa wazo la busara mwezi Machi. Lakini Desemba kampuni moja kubwa ya njia ya Moshi ilikuwa inauza kuliko nyingine zote, na mauzo yake yote yalikwenda fungu la pili. Tangu saa kumi na moja na nusu jioni, watu walipotoka kazini, zilikuwa zinaingia jumbe 44 kwa dakika, zinatoka 25. Zinabaki 19 kila dakika, kwa dakika 150. Ndizo hizo 2,850. Hakuna kilichoharibika wala kilichozimika. Kila programu ilikuwa hai na kila taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Lililonisikitisha zaidi baadaye ni hili: saa kumi na mbili kamili, nusu saa tangu wimbi lianze, pengo la fungu lile lilikuwa tayari 570, yaani karibu dakika 23 za kusubiri. Mtu aliyetazama mwendo wa fungu moja moja angeuona msiba saa mbili nzima kabla simu hazijaanza kuita. Sisi tulikuwa na kengele, ndiyo, ila tuliiweka ilie jumla ikifika 5,000. Nani alichagua 5,000? Sikumbuki. Nadhani ilionekana namba kubwa.

Baada ya hapo nikafanya kosa la pili, ambalo nimewaona wengi wakilifanya: nikaongeza wachakataji. Kutoka wanne hadi wanane. Wanne wapya wakajiunga na kundi, wakaangalia mafungu manne yote yana wenyewe, wakakaa kitako. Mwendo haukuongezeka hata kwa meseji moja. Mafungu yakiwa manne, mchakataji wa tano ni mlinzi tu. Na hata ukiongeza mafungu, jumbe zilizokwisha kuandikwa hazihami. Mafungu mapya yanapokea mapya, na lile deni la zamani linabaki palepale lilipo, likimsubiri mchakataji yuleyule.

Hapa kuna hesabu nyingine inayofaa kushikwa. Saa mbili usiku wimbi lilikuwa limeshapoa, zikawa zinaingia 15 tu kwa dakika kwenye fungu lile. Ungetarajia deni liishe ndani ya zile dakika 114, kumbe sivyo. Mchakataji anatoa 25, lakini 15 mpya zinaingia nyuma yake, kwa hiyo deni linapungua kwa 10 tu kila dakika. Jumbe 2,850 kwa mwendo huo ni dakika 285. Foleni ingekuwa tupu saa saba kasorobo usiku. Ndiyo maana ziko namba mbili tofauti za muda, na mtu akikuuliza "lini itaisha?" lazima ujue anauliza ipi: abiria wa mwisho atasubiri kiasi gani, au mfumo utarudi hali ya kawaida saa ngapi. Ya pili inategemea nafasi iliyobaki juu ya kazi ya kila siku. Mfumo unaotumia asilimia 90 ya nguvu zake siku ya kawaida utachukua muda mrefu ajabu kupona baada ya wimbi dogo.

Kilichotuokoa ni kitu kidogo. Mitambo ya kampuni ya simu ilikuwa tayari kupokea maombi kumi kwa wakati mmoja. Ni sisi tuliokuwa tunatuma moja, tunasubiri jibu, ndipo tunatuma jingine. Saa tatu na dakika tano tukawasha toleo jipya lililotuma kumi kwa pamoja na kusogeza kialamisho baada ya zote kujibiwa. Kutoka 25 hadi 250 kwa dakika. Deni lilikuwa limeshuka hadi 2,200, na ndani ya dakika kumi likaisha. Wiki iliyofuata tulibadilisha ufunguo kutoka jina la kampuni kuwa namba ya tiketi, kwa kuwa tulichohitaji kukilinda ni mpangilio wa taarifa za tiketi moja, si za kampuni nzima, na mafungu yakaanza kujaa kwa usawa.

Kuachwa nyuma ni jambo moja, kukwama ni jingine, na dawa zake hazifanani. Pengo likikua huku kialamisho kinasogea, mchakataji anafanya kazi ila hatoshi. Pengo likikua huku kialamisho kimeganda kwenye mstari uleule, kuna kitu kimemnasa. Mara nyingi ni ujumbe mmoja mbovu, kwa mfano namba ya simu iliyopungua tarakimu. Programu inausoma, inaanguka, inawashwa upya, inarudi kwenye kialamisho, inausoma tena, inaanguka tena. Nyuma yake abiria mia tano wazima wamezuiwa na mmoja. Hapo hata wachakataji elfu hawasaidii. Ujumbe ule utolewe kando, mtu auchunguze baadaye.

Ipo na hali ya tatu inayodanganya kwa kufanana na kukwama. Kafka kwa kawaida humpa mchakataji hadi jumbe 500 kwa mkupuo, na humtaka arudi kuomba nyingine kabla ya dakika tano kupita. Asiporudi anahesabiwa amekufa, fungu lake anapewa mwingine. Kwa sekunde zetu 2.4, jumbe 500 ni dakika 20. Siku za kawaida mkupuo ulikuwa na jumbe mbili tatu, hakuna aliyegundua. Foleni ilipojaa kwa mara ya kwanza, miezi kabla ya Desemba ile, mchakataji alibeba 500, akachelewa kurudi, akafukuzwa. Mwenzake akazibeba zilezile tangu mwanzo, naye akafukuzwa. Kazi inafanyika, meseji zinatoka mara mbilimbili, kialamisho hakisogei. Tulipunguza mzigo ukawa 50, ambazo ni dakika mbili, ikaisha. Ubaya wa hitilafu ya namna hii ni kwamba hujificha mpaka siku foleni ikijaa, siku ambayo ndiyo huihitaji kabisa.

Na sifuri nayo isikulaze usingizi. Kwenye RabbitMQ, mchakataji asiyewekewa kikomo anaweza kujibebea jumbe zote mikononi kabla hajazifanyia kazi. Ukitazama zinazosubiri kuchukuliwa utaona foleni tupu, kumbe zote zimerundikana kwake. Kwa hiyo uliza namba zote mbili, zinazosubiri na zilizochukuliwa bila kuthibitishwa:

```
rabbitmqctl list_queues name messages_ready \
  messages_unacknowledged consumers
```

Kwenye Kafka sifuri ya uongo huja kwa njia nyingine. Programu iliyoandikwa vibaya husogeza kialamisho kwanza, kisha ndipo ijaribu kutuma. Meseji isipotoka, daftari linaonyesha imesomwa na hakuna anayedai. Mbaya zaidi ni mchakataji aliyezimwa akasahauliwa. Kafka, isipobadilishwa, hutunza jumbe kwa siku saba kisha huzifuta, zimesomwa hazikusomwa. Mchakataji akiwashwa siku ya kumi hukuta mahali alipokuwa hapapo tena, na kwa mpangilio wa kawaida huruka hadi mwisho wa daftari. Pengo linashuka ghafla hadi sifuri. Kwenye grafu inapendeza, mtu anaweza hata kupongezwa, kumbe kazi ya siku kumi imepotea.

Siku hizi sipendi kengele inayohesabu jumbe. Napenda ile inayouliza: ujumbe wa mbele kabisa kwenye foleni una umri gani? Amazon wanatoa kipimo hicho kwenye foleni zao za SQS kwa jina la `ApproximateAgeOfOldestMessage`, na mwenye Kafka anaweza kukipata kwa kuweka saa ya kuandikwa ndani ya kila ujumbe na kuilinganisha na saa unaposomwa. Kwa meseji ya tiketi, ukizidi dakika tano kwenye fungu lolote, mtu aamshwe. Kwa ripoti ya mauzo ya usiku, saa mbili hazina neno. LinkedIn wenyewe walitoa programu iitwayo Burrow isiyotumia kikomo cha namba hata kidogo; inatazama kialamisho na pengo kwa kipindi fulani, kisha inasema mchakataji anaendelea, anaachwa, au amesimama.

Mama wa ile simu alikuwa amelipa saa mbili kamili, kwa hiyo alikuwa mkiani hasa. Meseji yake ilimfikia saa tatu na dakika kumi. Tulipowasha lile toleo jipya, mchakataji wa zamani alizimwa akiwa katikati ya mzigo wake wa jumbe 50 na kialamisho hakikuwa kimesogezwa, hivyo mpya alianza mzigo ule upya na abiria kadhaa wakapata meseji mara mbili. Kesho yake alfajiri dada wa huduma alipigiwa na kondakta: yuko hapa mzee mmoja ana meseji mbili za kiti namba 14, anasema cha pili ni cha mbuzi.